Kusitisha mkataba kwa Kifaransa: hesabu ya tarehe kwanza, barua pepe baadaye

Mikataba mingi ya huduma nchini Ufaransa haiishi yenyewe. Mwaka ukikamilika, mkataba hujirefusha kwa mwaka mwingine bila mtu kusaini chochote, na mteja hugundua pale anapoona pesa zimeendelea kukatwa benki. Kwenye karatasi utaona maneno *tacite reconduction*. Maana yake ni kwamba kunyamaza kwako kumehesabiwa kuwa umekubali kuendelea.

Kuutoka mkataba wa namna hiyo kunahitaji barua pepe fupi tu, ya aya nne au tano. Kifaransa chake si kigumu, na sentensi zake karibu zote zinajulikana. Kinachowaumiza watu ni tarehe. Barua imeandikwa vizuri lakini imefika siku tatu baada ya muda kupita, au imefika kwa wakati lakini mwandishi hana cha kuonyesha kwamba ilifika. Kwa hiyo tuanze na hesabu, ndipo tuje kwenye maandishi.

Tuchukue mfano. Dada mmoja ana saluni ya kusuka nywele katika mtaa wa La Guillotière, jijini Lyon. Machi 2024 alisaini mkataba na kampuni inayomtunzia tovuti ambayo wateja wanaitumia kuomba nafasi. Mkataba ulianza kufanya kazi tarehe 1 Aprili 2024, ni wa miezi 12, na analipa euro 45 kila mwezi, zinazokatwa moja kwa moja kwenye akaunti yake. Sasa wateja wake wote wanampata kwa simu, na tovuti haimsaidii tena. Anataka kutoka.

Kifungu kimoja chenye majibu manne

Kabla ya kugusa kompyuta, anapaswa kukitafuta kifungu kinachoitwa *Durée et résiliation*, au jina linalofanana na hilo. Tuseme kwake ni kifungu cha 9. Kinasema mkataba ni wa miezi 12, unajirefusha kwa vipindi vya miezi 12, na kila upande unaweza kuuzuia usijirefushe kwa kutoa notisi, yaani *préavis*, ya miezi miwili kabla ya mwisho wa kipindi, kwa barua ya rejista au kwa barua pepe.

Hapo kuna majibu manne anayoyahitaji. La kwanza ni kama mkataba una muda maalum au hauna. La pili ni tarehe ya mwisho wa kipindi, ambayo Wafaransa huiita *échéance*. La tatu ni urefu wa notisi. La nne ni njia ya kuipeleka.

Jibu la kwanza lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwa sheria ya mikataba ya Ufaransa, mkataba usio na kikomo unaweza kusitishwa na upande wowote wakati wowote, mradi notisi iheshimiwe. Mkataba wenye muda maalum ni lazima utekelezwe hadi mwisho wake. Ndiyo maana dada yetu hawezi kuandika Januari kwamba anaacha huduma Februari, hata kama yuko tayari kuvumilia notisi. Anachoweza kufanya ni kuuzuia mkataba usivuke tarehe 31 Machi. Akiomba kutoka katikati, kampuni ina haki ya kumdai miezi iliyobaki.

Kuhesabu kuanzia mwisho kurudi nyuma

Kipindi chake cha sasa kinaisha tarehe 31 Machi 2026. Akirudi nyuma miezi miwili anafika 31 Januari 2026. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kampuni kuwa imeipata notisi yake.

Neno la kuangalia hapo ni kupata. Ikiwa mkataba unasema notisi inahesabiwa tangu kupokewa, *à compter de la réception*, tarehe aliyoituma haina nguvu. Mikataba mingine haisemi lolote, na katika hali hiyo njia salama ni kuhesabu kana kwamba kupokea ndiko kunakohesabika. Aidha, 31 Januari 2026 ni Jumamosi. Barua pepe inayotumwa Jumamosi jioni kwa kampuni iliyofunga ofisi Ijumaa ni mwaliko wa mabishano.

Kwa hiyo anaituma Jumatatu tarehe 12 Januari. Siku hiyo haikuchaguliwa ovyo. Inamwachia wiki moja ya kusubiri jibu, hadi tarehe 19, na baada ya hapo siku 12 za kutumia njia nyingine jibu lisipokuja. Mtu anayetuma notisi katika wiki ya mwisho huwa ametupa nafasi ya pili, na nafasi ya pili ndiyo inayookoa wengi.

Mkataba usio na kikomo unahesabiwa kinyume chake, kwenda mbele. Notisi ya miezi miwili iliyopokewa 12 Januari inaisha 12 Machi. Lakini kifungu kikiongeza maneno *fin de mois*, mkataba utaisha mwishoni mwa mwezi huo, yaani 31 Machi, na malipo yataendelea hadi siku hiyo.

Barua yenyewe

Hivi ndivyo dada yetu anavyoandika. Namba ya mkataba na tarehe ni za mfano. Wewe utaweka zako.

```
Objet : Résiliation du contrat de maintenance n° 2024-118
à l'échéance du 31 mars 2026

Madame, Monsieur,

Par le présent courriel, je vous notifie la résiliation,
à son échéance, du contrat de maintenance n° 2024-118,
qui a pris effet le 1er avril 2024.

Conformément à l'article 9 du contrat, qui prévoit un préavis
de deux mois, le contrat prendra fin le 31 mars 2026
et ne sera pas reconduit.

Je réglerai les factures dues jusqu'à cette date. Aucun
prélèvement ne devra être effectué pour une période
postérieure.

Je vous remercie de me confirmer par écrit, en réponse à ce
courriel et au plus tard le 19 janvier 2026, la réception de
cette résiliation ainsi que la date de fin du contrat.

Je vous prie d'agréer, Madame, Monsieur,
mes salutations distinguées.
```

Chini yake anaweka jina lake kamili, cheo chake, ambacho kwa mwenye saluni kinaweza kuwa *gérante*, jina la saluni kama lilivyo kwenye mkataba, anwani na namba ya simu.

Tuipitie sentensi kwa sentensi, maana kila moja ina kazi yake.

Mstari wa *Objet* unabeba mambo matatu: tendo, namba ya mkataba na tarehe. Karani anayefungua mamia ya barua anajua aiweke wapi kabla hajaisoma. Kichwa kama *Question* au *Mon contrat* kinaweza kuipeleka kwa watu wa mauzo.

Sentensi ya kwanza inasema *je vous notifie*, nakuarifu rasmi. Hapa ndipo adabu ya Kiswahili inapowaponza wengi wetu. Tumezoea kuomba hata kile tulicho na haki nacho, kwa hiyo tunaandika *je voudrais savoir s'il est possible de résilier*, ningependa kujua kama inawezekana. Hilo ni swali, na kampuni italijibu kama swali: itatuma fomu, itataka kujua sababu, itapanga simu. Siku zinakwenda, na notisi bado haijatolewa. Adabu ya barua hii inakaa kwenye *Madame, Monsieur* na kwenye salamu ya mwisho. Katikati sema jambo moja kwa moja.

Maneno *à son échéance*, mwishoni mwa kipindi chake, yanamlinda asieleweke kwamba anavunja mkataba katikati. Na sentensi ya pili inaweka vitu vitatu pamoja: kifungu, urefu wa notisi, na siku ya mwisho. Usiishie kwenye kusema "baada ya notisi ya miezi miwili" ukamwachia mwenzako ahesabu. Andika tarehe. Kama hesabu yake ni tofauti na yako, atalazimika kusema hivyo sasa, wakati bado una muda wa kujibu.

Utaona pia hakuna sababu iliyotolewa. Mkataba unaofikia mwisho wa kipindi chake hauhitaji sababu, na ukiieleza unafungua mjadala. Ukisema bei ni kubwa, watakupunguzia. Ukisema huduma ni mbovu, watabisha.

Sentensi kuhusu ankara inaonyesha kwamba hukimbii deni, na papo hapo inakataza makato ya baada ya tarehe ya mwisho. Mwenye mkataba wa tovuti anaweza kuongeza ombi jingine moja: apewe namba za siri za kuingilia na msimbo wa kuhamisha jina la tovuti. Kama jina hilo limeandikishwa kwa jina la kampuni badala ya lake, afadhali alijue Januari kuliko Aprili, wakati tovuti imezimwa.

Uthibitisho ni upi, na upi si uthibitisho

Dakika mbili baada ya kutuma, jibu linaingia: *Votre message a bien été reçu. Un conseiller vous répondra dans les meilleurs délais.* Ujumbe umefika, mshauri atajibu. Limeandikwa na mashine. Linafaa kuhifadhiwa kwa sababu linaonyesha barua ilifika na saa iliyofika, lakini halisemi kwamba mkataba unaisha.

Uthibitisho unaotafutwa unasema hivi, au maneno yenye uzito huo:

```
Nous accusons réception de votre résiliation.
Votre contrat n° 2024-118 prendra fin le 31 mars 2026.
```

Angalia namba ya mkataba na tarehe. Ikitokea wameandika 31 Machi 2027, jibu siku hiyohiyo. Ambatisha barua yako ya 12 Januari na ukurasa wenye kifungu cha 9, kisha omba tarehe irekebishwe. Kunyamaza mbele ya tarehe iliyokosewa kunampa mwenzako hoja ya bure.

Wakati mwingine jibu linakuja kwa simu. Anapiga mtu mchangamfu kutoka kitengo cha kubakiza wateja, *service fidélisation*, anaahidi miezi mitatu bila malipo. Ukikubali, ile notisi inaweza kuhesabiwa kuwa umeiondoa. Ukikataa, mwambie akuandikie. Simu ikiisha, tuma mistari miwili ukisema kwamba mmeongea siku hiyo na kwamba unashikilia uamuzi wako: *je maintiens ma résiliation*.

Tarehe 19 ikipita kimya, dada yetu anajibu juu ya barua yake ileile, ili zote mbili zionekane pamoja:

```
Sauf erreur de ma part, je n'ai pas reçu votre confirmation
écrite. Sans réponse de votre part, je vous adresse ce jour
la même résiliation par lettre recommandée avec avis
de réception.
```

Na anafanya hivyo kweli, tarehe 20 Januari. Barua ya rejista yenye hati ya kupokelewa inaweza kutumwa posta au kupitia tovuti ya La Poste. Hati inayorudi ina tarehe na saini. Mpokeaji asipokuwepo, posta humwachia taarifa na kuitunza barua siku 15, ndiyo maana haifai kusubiri hadi tarehe 30. Ipo pia barua ya rejista ya kielektroniki, *lettre recommandée électronique*, ambayo kisheria ina nguvu sawa na ile ya karatasi. Usiichanganye na barua pepe ya kawaida yenye alama ya "nimesoma". Alama hiyo mpokeaji anaweza kukataa kuituma.

Barua pepe inapokuwa dhaifu

Sheria ya kiraia ya Ufaransa, katika kifungu cha 1366, inayapa maandishi ya kielektroniki nguvu ya ushahidi sawa na ya karatasi, kwa masharti mawili: mwandishi aweze kutambulika, na maandishi yahifadhiwe kwa namna inayohakikisha hayajaguswa. Masharti hayo yana matokeo ya kila siku. Tuma kutoka anwani ambayo kampuni inaijua, ile iliyo kwenye mkataba, si ya binamu aliyekusaidia Kifaransa. Peleka kwenye anwani iliyotajwa katika mkataba kwa ajili ya notisi, si kwa wakala aliyekuuzia huduma na ambaye huenda ameshaondoka. Mwenye saini awe yule mwenye mamlaka ya kuusaini mkataba. Na uihifadhi barua kwenye sanduku lako, usibaki na picha ya skrini peke yake.

Kama kifungu kinadai barua ya rejista tu, usiegemee barua pepe. Tuma zote mbili siku moja, na katika barua pepe useme kwamba ya rejista iko njiani.

Kuna kosa jingine ambalo watu hulifanya wakiamini wanajilinda: kwenda benki kuzuia makato kabla mkataba haujaisha. Kuzuia makato hakusitishi mkataba. Ankara ya Februari itakuwa haijalipwa, na kati ya wafanyabiashara Ufaransa, mdaiwa aliyechelewa hudaiwa euro 40 za gharama ya ukusanyaji kwa kila ankara, juu ya riba. Lipa hadi tarehe ya mwisho. Baada ya hapo ondoa idhini ya makato, na kama pesa bado zimekatwa, nenda benki haraka. Kwa idhini ya kawaida ya SEPA, una wiki 8 za kudai makato yarudishwe bila kueleza sababu, na miezi 13 ikiwa hayakuwa na idhini kabisa.

Kama mkataba ni wa nyumbani

Saluni ni biashara, kwa hiyo dada yetu anategemea mkataba wake zaidi kuliko sheria. Mtu aliyesaini kwa matumizi ya nyumbani, kwa mfano mazoezi ya viungo au ulinzi wa nyumba, ana kinga zaidi. Sheria iitwayo Châtel, ya 2005, inaitaka kampuni imkumbushe kwa maandishi kwamba anaweza kukataa mkataba usijirefushe. Ukumbusho huo utolewe kati ya miezi mitatu na mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho ya kukataa, na siku hiyo iandikwe ndani ya kisanduku kinachoonekana wazi.

Tarehe za mfano wetu zingekuwa za mteja wa nyumbani, ukumbusho ungepaswa kumfikia kati ya 31 Oktoba na 31 Desemba 2025. Usipofika, anaweza kusitisha mkataba wakati wowote baada ya kujirefusha, bila gharama. Barua yake itabadilika sehemu moja tu: badala ya kifungu cha mkataba atataja *article L215-1 du Code de la consommation*.

Kwa simu na intaneti za nyumbani, notisi haiwezi kuzidi siku 10 tangu kampuni ipokee ombi, ingawa kama kuna muda wa lazima ambao haujaisha, gharama zake zinaweza kubaki. Na tangu 1 Juni 2023, kampuni inayouza kwa wateja wa nyumbani kwa njia ya mtandao inapaswa kuweka njia ya kusitisha mtandaoni, kuthibitisha kwamba imepokea, na kumwarifu mteja siku ambayo mkataba unaisha. Palipo na kitufe hicho, kitumie, kisha hifadhi uthibitisho wake.

Msomaji aliye Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura anaweza kuutumia muundo huuhuu, kwani barua za kikazi huko nazo huandikwa kwa Kifaransa. Ataje kifungu cha mkataba wake na notisi yake, lakini asinukuu sheria za Ufaransa kwenye mkataba usiofuata sheria za Ufaransa.

Ukiwa umechelewa

Ikiwa 31 Januari imepita, andika hata hivyo, siku hiyohiyo unapogundua. Barua ya Februari haiwezi kuzuia mwaka mpya, lakini inaweza kuzuia ule unaofuata: badilisha tarehe ya mwisho iwe 31 Machi 2027, na omba uthibitisho vilevile. Katika barua nyingine, iliyo tofauti na hiyo, unaweza kupendekeza kutoka mapema kwa makubaliano, *résiliation amiable*, na kutaja kiasi ulicho tayari kulipa. Kampuni ikigoma kabisa, mfanyabiashara anaweza kumwendea Médiateur des entreprises, na mteja wa nyumbani anaweza kumwendea mpatanishi ambaye kampuni inapaswa kumtaja katika masharti yake. Wote wawili huwahudumia bila malipo. Swali la kwanza utakaloulizwa ni lini notisi ilipokewa, na jibu lake liwe kwenye karatasi uliyoishika.